Kupunguza ikisiri ndefu ya tasnifu hadi maneno 250 yenye usuli, mbinu, matokeo na hitimisho

Ikisiri ya tasnifu huandikwa kwa ajili ya msimamizi na watahini. Inaeleza kila sura kwa ufupi, inashukuru miongozo iliyofuatwa, na mara nyingi inafika maneno 500 au 600. Ikisiri ya jarida au kongamano ina msomaji mwingine kabisa: mtu mwenye dakika moja, anayetaka kujua mlimpima nani, kwa njia gani, mkapata nini. Ndiyo sababu mwaka 1987 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha pendekezo la kuigawa ikisiri katika sehemu zenye vichwa, na majarida mengi ya tiba na afya yakafuata.

Kwa kuwa wasomaji ni tofauti, kuichukua ikisiri ya tasnifu na kuanza kufuta neno hapa na neno pale hakufiki mbali. Utafuta mpaka ubaki na maneno 250 yaleyale ya jumla, bila namba hata moja. Njia ninayoitumia na wanafunzi ni kuanza na ukurasa mtupu, kuandika matokeo kwanza kutoka kwenye majedwali, kisha kuziacha sehemu nyingine tatu ziyafuate matokeo hayo.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Nimeutunga kwa ajili ya maelezo haya, kwa hiyo namba zake zisinukuliwe popote. Ni tasnifu ya uzamili ya afya ya jamii kuhusu upungufu wa damu kwa wajawazito na jinsi wanavyokunywa vidonge vya kuongeza damu.

Hatua ya 1: Soma masharti ya unakopeleka

Usianze kuandika kabla ya kujua mambo matatu: kikomo cha maneno, majina kamili ya vichwa, na kama vichwa hivyo vinahesabiwa. BMC Public Health inaruhusu maneno 350, PLOS ONE 300, na makongamano mengi husimama kwenye 250. Baadhi ya majarida yana vichwa vya ziada. The Lancet, kwa mfano, inataka na sehemu ya ufadhili. Tumia vichwa vilevile walivyoviandika, kwa sababu mara nyingi mfumo wao wa kupokea kazi una kisanduku cha kila kichwa.

Kama utafiti wako ni jaribio la tiba ambamo washiriki waligawanywa kwa bahati nasibu, tafuta pia orodha ya CONSORT ya ikisiri iliyotolewa mwaka 2008. Inataka, pamoja na mengine, namba ya usajili wa jaribio, na namba hiyo utaitafutia nafasi mapema. Kwa mapitio ya kimfumo ya tafiti, orodha yenyewe ni PRISMA ya mwaka 2020.

Mfano wetu una kikomo cha maneno 250, vichwa vikihesabiwa.

Hatua ya 2: Gawa maneno kabla ya kuyaandika

Kwa maneno 250 mimi hugawa hivi: usuli 40, mbinu 70, matokeo 90, hitimisho 40. Jumla ni 240, na kumi yanabaki kama akiba. Mgawo huu si sheria, lakini sehemu moja isiguswe: matokeo lazima yawe marefu kuliko nyingine zote. Ukiona usuli umeyazidi matokeo, ujue bado unamwandikia mtahini.

Sasa chukua ikisiri ya zamani na uipigie mstari kwa kalamu za rangi nne, rangi moja kwa kila sehemu. Katika tasnifu nyingi nilizosoma rangi ya usuli ndiyo inayotawala ukurasa, na ya matokeo huonekana kwenye sentensi mbili au tatu tu. Tasnifu ya mfano wetu nayo iko hivyo. Matokeo yake yote ni haya:

> Matokeo ya utafiti huu yalionyesha kwamba wajawazito wengi walikuwa na upungufu wa damu, na kwamba kulikuwa na uhusiano mkubwa wa kitakwimu kati ya upungufu wa damu na unywaji wa vidonge (p<0.001).

Hapo hapana cha kupunguza, kuna cha kuongeza. "Wengi" ni wangapi, kati ya wangapi? "Uhusiano mkubwa" una ukubwa gani? Majibu yako kwenye majedwali ya sura ya nne, na huko ndiko tunakokwenda.

Hatua ya 3: Andika matokeo kutoka kwenye majedwali

Funga ikisiri ya zamani. Fungua sura ya matokeo na uandike pembeni namba zinazojibu swali kuu la utafiti, zile tu. Katika mfano wetu swali lina pande mbili: tatizo ni kubwa kiasi gani, na je, linahusiana na unywaji wa vidonge? Majedwali yanasema hivi. Wajawazito 402 waliombwa kushiriki na 384 wakakubali. Wenye upungufu wa damu walikuwa 161. Waliokunywa vidonge chini ya siku nne kwa wiki walikuwa 150, na kati yao 87 walikuwa na upungufu wa damu. Waliobaki walikuwa 234, na kati yao 74 walikuwa nao.

Kabla ya kwenda mbele, jumlisha kwa mkono. 150 na 234 ni 384. 87 na 74 ni 161. Ikiwa jumla hazikutani, kuna watu ambao taarifa zao zilikosekana, na msomaji lazima aambiwe. Zoezi hili huchukua dakika chache, na mhakiki wa jarida atalifanya hata wewe usipolifanya.

Kisha andika kila asilimia pamoja na namba iliyoizaa. "Asilimia 58" peke yake haisemi kitu, kwa sababu inaweza kuwa watu 7 kati ya 12. "87 kati ya 150 (58.0%)" inasema yote, kwa maneno machache tu ya ziada.

Kuhusu p<0.001: namba hiyo inasema tu kwamba, kama kungekuwa hakuna uhusiano wowote, matokeo kama haya yangepatikana kwa nadra sana. Haisemi uhusiano ni mkubwa kiasi gani. Sampuli kubwa inaweza kutoa p ndogo mno kwa tofauti isiyo na maana kwa mgonjwa yeyote. Kwa hiyo nafasi yake mpe uwiano wa uwezekano pamoja na wigo wake wa uhakika wa 95%, yaani mipaka ya chini na ya juu ya makadirio. Katika mfano wetu uwiano huo, baada ya kuzingatia umri na mambo mengine, ni 2.6, na wigo wake ni 1.7 hadi 4.1. Wigo usiogusa 1 tayari unamwambia msomaji kile ambacho p ingemwambia, na unamwonyesha pia ukubwa.

Lakini hapa kuna mtego ambao wanafunzi wengi huingia wanapobana maneno. Wanaandika kwamba wasiokunywa vidonge vizuri "wana hatari mara 2.6 zaidi". Sivyo. Uwiano wa uwezekano si uwiano wa hatari. Gawanya asilimia zenyewe: 58.0 kwa 31.6 ni takribani 1.8. Namba hizi mbili hukaribiana pale tu tatizo linapokuwa nadra, na hapa limewakumba wanne kati ya kumi, hivyo zinaachana sana. Dawa yake ni kutoa asilimia za makundi yote mawili kwanza, kisha uwiano kwa jina lake kamili. Msomaji ataona ukweli wote bila wewe kumfafanulia.

Mwisho wa hatua hii, tafuta tokeo moja ulilotarajia likakataa. Utafiti wetu ulidhani kuchelewa kuanza kliniki kungehusiana na upungufu wa damu, lakini uwiano ulikuwa 1.3 na wigo 0.8 hadi 2.1. Liandike. Ikisiri yenye matokeo "mazuri" peke yake inampotosha anayeisoma, na mhakiki akifungua makala kamili ataona ulichoficha.

Hatua ya 4: Mbinu zifuate matokeo

Sasa soma matokeo uliyoandika, na kwa kila namba jiulize: msomaji anahitaji kujua nini ili aielewe? Hicho ndicho kinachoingia kwenye mbinu. Kama kuna tokeo lisilo na mbinu yake, ongeza mbinu. Kama kuna mbinu isiyozaa tokeo lolote kwenye ikisiri, ifute.

Jaribu kipimo hiki kwenye tasnifu ya mfano. Inataja kanuni ya Cochran ya kukokotoa sampuli, majaribio ya hojaji, toleo la SPSS na kibali cha maadili. Yote ni ya lazima kwenye sura ya tatu, na kibali hubaki kwenye makala kamili, lakini hakuna hata kimoja kinachomsaidia msomaji kuelewa 58.0%. Anachohitaji ni kujua upungufu wa damu ulipimwaje na mpaka uliwekwa wapi, na "kunywa hafifu" maana yake nini. Ajabu ni kwamba mambo haya ndiyo yaliyokosekana kwenye ikisiri ndefu. Ufafanuzi wa kipimo ndio wa mwisho kufutwa, hata maneno yakibana namna gani.

Sema pia jinsi washiriki walivyopatikana. "Kila mjamzito wa tatu aliyefika kliniki" ni maneno sita, na yanamwonyesha msomaji mpaka wa utafiti: wajawazito wasiofika kliniki kabisa hawamo.

Hatua ya 5: Usuli kwa sentensi mbili

Huu hapa usuli wa tasnifu ya mfano, kabla haujagusa lengo:

> Upungufu wa damu ni tatizo kubwa la afya ya jamii duniani kote, hasa katika nchi zinazoendelea. Tatizo hili huathiri wanawake na watoto na huchangia vifo vya kinamama wakati wa kujifungua. Serikali kwa kushirikiana na wadau mbalimbali imechukua hatua kadhaa za kukabiliana nalo, ikiwa ni pamoja na kutoa vidonge vya kuongeza damu katika kliniki za wajawazito. Hata hivyo, licha ya jitihada hizo, wajawazito wengi hawavinywi vidonge hivyo kila siku.

Ni maneno 68. Sentensi ya kwanza na ya pili msomaji wa jarida la afya anazijua. Ya tatu ina habari moja tu, kwamba vidonge hutolewa. Ya nne ndiyo pengo lililomleta mtafiti kazini. Unganisha ya tatu na ya nne, kisha ongeza sentensi moja ya lengo. Lengo liandikwe kwa wakati uliopita na litaje vitu vilevile utakavyovitolea namba kwenye matokeo. Usiweke marejeo ya waandishi wengine.

Hatua ya 6: Hitimisho lisivuke data

Hitimisho la tasnifu huishia kwa mapendekezo mengi: serikali iongeze bajeti, elimu itolewe kwa jamii, tafiti zaidi zifanyike. Shika kila pendekezo uliulize limetoka kwenye tokeo gani. Bajeti haikupimwa, basi iondoke. Katika mfano wetu, wajawazito 69 kati ya 150 wenye unywaji hafifu walitaja kichefuchefu kuwa sababu ya kuruka vidonge. Hilo ndilo linalozaa pendekezo, kwa hiyo ni lazima namba hiyo ionekane kwenye matokeo pia.

Angalia vitenzi. Katika utafiti ambao kila mtu amepimwa mara moja tu, "husababisha", "huongeza" na "hupunguza" havina mahali. Huenda mjamzito aliacha vidonge kwa sababu tayari alikuwa dhaifu. Sema "uhusiano", kisha tumia sentensi moja kukiri mpaka huo waziwazi.

Ikisiri iliyokamilika

> Usuli: Vidonge vya kuongeza damu hutolewa katika kliniki za wajawazito, lakini wengi hawavinywi kila siku. Utafiti huu ulipima ukubwa wa tatizo la upungufu wa damu na uhusiano wake na unywaji wa vidonge hivyo.
>
> Mbinu: Utafiti huu mtambuko ulifanyika katika vituo vitatu vya afya, Januari hadi Aprili 2023. Kila mjamzito wa tatu aliyefika kliniki aliombwa kushiriki. Upungufu wa damu ulikuwa himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita, iliyopimwa kwa HemoCue. Unywaji hafifu ulikuwa kunywa vidonge chini ya siku nne katika wiki iliyotangulia, kwa maelezo ya mjamzito mwenyewe. Uhusiano ulichambuliwa kwa rigresheni ya lojistiki iliyozingatia umri, idadi ya mimba na wiki ya kuanza kliniki.
>
> Matokeo: Kati ya wajawazito 402 walioombwa, 384 (95.5%) walishiriki. Waliokuwa na upungufu wa damu ni 161 (41.9%, wigo wa uhakika wa 95%: 37.0–46.9). Kati ya 150 wenye unywaji hafifu, 87 (58.0%) walikuwa na upungufu huo; kati ya 234 waliokunywa siku nne au zaidi, walikuwa 74 (31.6%). Baada ya kuzingatia mambo mengine, uwiano wa uwezekano ulikuwa 2.6 (1.7–4.1). Kuanza kliniki baada ya wiki ya 20 hakukuonyesha uhusiano ulio wazi (1.3, 0.8–2.1). Kichefuchefu kilitajwa na 69 kati ya 150 (46.0%) kuwa sababu ya kuruka vidonge.
>
> Hitimisho: Takribani wajawazito wanne kati ya kila kumi walikuwa na upungufu wa damu, na tatizo lilikuwa kubwa zaidi kwa waliokunywa vidonge mara chache. Kwa kuwa kila mmoja alipimwa mara moja tu, utafiti hauwezi kuthibitisha chanzo. Wahudumu wanapotoa vidonge wamuulize kila mjamzito kuhusu kichefuchefu.

Usuli 33, mbinu 69, matokeo 83, hitimisho 43, vichwa vikiwemo. Jumla 228. Maneno 22 yaliyobaki nisingeyajaza. Yatafaa msimamizi atakapotaka kitu kiongezwe.

Hatua ya 7: Ukiwa bado umezidi

Kata maneno yasiyobeba habari kabla hujagusa namba yoyote. "Zoezi la ukusanyaji wa data lilifanyika" ni maneno sita; "data zilikusanywa" ni mawili. "Wanawake ambao walikuwa ni wajawazito" ni "wajawazito". "Matokeo ya utafiti huu yalionyesha kwamba" hufutwa yote, maana kichwa cha Matokeo kimeshalisema hilo. Pita pia kwenye kila "ambao" na "ambayo": mara nyingi kitenzi kinaweza kumeza rejeshi hiyo, kama "ambao walishiriki" inavyokuwa "walioshiriki".

Bado umezidi? Ondoa tokeo zima la pembeni pamoja na mbinu yake. Ni afadhali kutoa tokeo moja mzimamzima kuliko kuyanyofoa yote namba zilizozaa asilimia zake. Usitafute nafuu kwenye vifupisho ulivyobuni mwenyewe, kwa sababu msomaji wa ikisiri hana orodha ya vifupisho mbele yake.

Hatua ya 8: Hesabu kama mashine ya jarida itakavyohesabu

Programu nyingi huhesabu kwa nafasi kati ya maneno. Kwa hiyo `n=384` ni neno moja na `n = 384` ni matatu; `1.7–4.1` ni moja, na ukiweka nafasi pande zote za kistari yanakuwa matatu. Kwenye Word, teua ikisiri peke yake kisha usome idadi chini ya dirisha, la sivyo utapewa idadi ya tasnifu nzima. Kama umeihifadhi kama maandishi matupu, amri hii inatosha kwenye Linux au Mac:

```
wc -w ikisiri.txt
```

Anayeandika kwa LaTeX atumie hii, ili amri za LaTeX zisihesabiwe kama maneno:

```
texcount -1 -sum ikisiri.tex
```

Kama unapeleka ikisiri mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, hesabu kila moja peke yake. Kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na mtendwa kwa pamoja, lakini "wa", "ya" na "la" nazo zinahesabiwa moja moja. Kuwa chini ya kikomo katika lugha moja hakukuhakikishii nyingine.

Kisha chapisha ikisiri, weka sura ya matokeo pembeni, na upigie alama kila namba ukiiona kwa macho kwenye jedwali lake. Mpe mwenzako aliye nje ya fani yako aisome mara moja, umfunike karatasi, umuulize: walipimwa akina nani, na kilichopatikana ni nini? Akikwama kwenye swali la kwanza, rudi kwenye mbinu. Akikwama la pili, matokeo yako yana namba nyingi kupita kiasi.

Unapobandika kwenye kisanduku cha jarida, isome tena humohumo kabla ya kubofya kutuma. Vistari virefu kama cha 37.0–46.9 wakati mwingine hugeuka alama ya kuuliza au hutoweka kabisa, na hapo 1.7–4.1 inaweza kusomeka 1.74.1. Ikitokea, andika "1.7 hadi 4.1" na uhesabu upya. Kila wigo utakula maneno mawili zaidi. Mfano wetu una tatu kama hizo, kwa hiyo utafika 234.